Jumanne Tarehe 2 Mei: Nilivyojibu Ujumbe wa Kazi Safari ya Pili

Ujumbe uliingia Ijumaa tarehe 31 Machi 2023, jua likiwa limekaribia kuzama. Ilikuwa Ramadhani, nami nilikuwa jikoni kwetu Likoni nageuza viazi karai huku nikisubiri adhana. Simu ikatetemeka juu ya jokofu. Ni yule mama wa idara ya wafanyakazi katika kampuni ya kuondosha mizigo bandarini, ambako nilikuwa nimefanyiwa usaili wiki mbili nyuma. Alisalimu, akanipongeza, akaambatisha barua ya kurasa mbili, kisha akamaliza: "Tafadhali tujulishe kama umeikubali."

Vidole vilitaka kuandika papo hapo, "Asante sana, nimekubali." Nilizima moto, nikaiweka simu kifudifudi mezani, nikafuturu kwanza. Haikuwa kwamba sikuitaka kazi. Niliitaka mno. Ila niliwahi kujibu ujumbe wa namna ile kwa mkono mwepesi, na nililipa gharama yake kwa karibu miezi miwili.

Hiyo ilikuwa 2019. Hoteli moja ya pwani ya kaskazini ilinitumia ujumbe kwamba nimepata nafasi ya karani wa stoo. Uliandikwa hivi tu: "Umefaulu. Uanze Jumatatu ijayo. Uje na vyeti vyako." Nikajibu, "Sawa, asante sana, nitakuja Inshallah." Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Mimi nilielewa Jumatatu ile iliyo siku nne mbele. Nikavuka feri alfajiri, nikapanda matatu mbili, nikafika getini nimevaa nguo mpya. Askari akatafuta jina langu kwenye daftari, hakuliona. Aliyeniajiri alikuwa na maana ya Jumatatu ya wiki iliyofuata. Ukweli ni kwamba Kiswahili chake hakikuwa na kosa, na changu pia hakikuwa na kosa. "Ijayo" inabeba maana zote mbili, na hakuna kati yetu aliyeandika tarehe.

Niliporudi wiki ya pili, jina lilikuwepo. Kilichokosekana ni karatasi. "Vyeti vyako" mimi nilivisoma kama vyeti vya shule, nikabeba cha kidato cha nne na diploma yangu. Wao walitaka PIN ya kodi ya KRA, namba ya NSSF ya pensheni, kadi ya NHIF ya bima ya afya, namba ya akaunti ya benki, picha mbili za pasipoti na cheti cha afya, kile wanachopimiwa watu wanaoshika chakula, kwa sababu stoo yenyewe ilikuwa ya jikoni. Cha afya sikuwa nacho. Nikarudishwa nyumbani nikapimwe, na siku zile hazikulipwa.

Halafu likaja la majina. Kwenye kitambulisho changu jina la baba limeandikwa Mohamed, kwa m moja katikati. Kwenye cheti cha shule limeandikwa Mohammed, kwa m mbili. Akaunti ya benki nilikuwa nimeifungua kwa kitambulisho, lakini karani wa mishahara aliniandikisha kwa kutazama cheti cha shule. Mshahara wa kwanza ulitumwa, ukarudi. Hakuna aliyejua hadi nilipouliza. Kufikia hapo orodha ya mwezi ilikuwa imefungwa, nikaambiwa nitalipwa pamoja na mwezi wa pili. Nauli ya wiki zote hizo nilikopa kwa shangazi yangu.

Basi usiku ule wa 2023, baada ya tarawehe, niliketi na ile barua kwa utulivu. Kwanza nilimtumia yule mama ujumbe mfupi ili asikae akidhani sijaona: "Shukrani sana, Bi Meneja. Barua nimeipokea. Naisoma usiku huu na nitakupa jibu kamili kesho kabla ya saa nne asubuhi." Ujumbe huo haukubali wala haukatai chochote, lakini unampa anayesubiri saa ya kutarajia. Kampuni nyingi za bandarini hufanya kazi Jumamosi hadi adhuhuri, na nilijua nikikosa nusu siku ile, jibu lake litanifikia Jumatatu, tena nikiwa nimechelewa. Kwa nini nimechelewa, nitaeleza.

Barua ilikuwa ya Kiingereza, kama zilivyo nyingi Mombasa. Ilitaja cheo, karani wa nyaraka za forodha. Ilitaja mshahara, ikasema wazi ni kabla ya makato. Ilitaja miezi mitatu ya majaribio, ambayo iko ndani ya kipimo, maana Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu hadi miezi sita. Na ilitaja tarehe ya kuanza, Jumatatu tarehe 17 Aprili 2023. Haikusema saa ngapi, haikusema ni katika ofisi ipi kati ya mbili walizo nazo, na juu ya hati ilikuwa na mstari mmoja tu, kwamba nije na "hati zinazohitajika".

Tarehe ndiyo iliyonisumbua. Wakati ule nilikuwa bado nafanya kazi kwenye duka la vipuri mjini, nalipwa kwa mwezi. Kwa mtu wa mshahara wa mwezi, sheria inataka notisi ya maandishi ya siku 28, na mkataba wangu ulisema siku hizo hizo. (Wako wenye mikataba inayotaka zaidi, kwa hivyo ni lazima mtu afungue wake asome, asitegemee ya jirani.) Nikachukua kalenda ya ukutani. Siku ya karibu kabisa ya kumpa bosi wangu barua ilikuwa Jumatatu tarehe 3 Aprili. Siku 28 huhesabiwa zile zinazofuata siku ya kutoa notisi, yaani kuanzia tarehe 4. Kutoka tarehe 4 hadi 30 Aprili ni siku 27. Ya 28 ni tarehe 1 Mei. Nayo Mei mosi ni sikukuu ya wafanyakazi, ofisi zimefungwa. Kwa hiyo siku ya kwanza ambayo ningeweza kuanza kazi mpya bila kuwa na deni la kazi ya zamani ilikuwa Jumanne tarehe 2 Mei.

Mtu anaweza kuondoka kabla, akailipa kampuni fedha za siku zile za notisi zilizobaki. Sheria inaruhusu. Kutoka tarehe 17 hadi Mei mosi ni siku 15, karibu nusu ya mshahara wangu. Sikuwa nazo, na hata ningekuwa nazo, yule bosi alikuwa amenitendea wema. Sikutaka kumwachia kaunta tupu katikati ya Ramadhani.

Hapa ndipo watu wengi huogopa. Hudhani ukiomba tarehe nyingine, kazi itapewa mwingine. Kaka yangu, ambaye ni mkubwa wangu kwa miaka saba, aliniambia usiku ule, "We kubali tu tarehe yao, halafu tutajua mbele." Nilimheshimu lakini sikumfuata. Kukubali tarehe 17 huku najua siwezi kuitimiza kungenilazimisha ama kumtoroka bosi wa zamani, ama kumwandikia bosi mpya wiki moja kabla kwamba siji. Lolote kati ya hayo mawili ni baya kuliko kuomba mapema.

Upande wa pili uko hatari ya kukabidhi barua ya kuacha kazi kabla ya kujibiwa. Ukisema "nimekubali, lakini tarehe iwe nyingine", ujue umependekeza jambo jipya, na mwenzako hajafungwa nalo mpaka aseme ndiyo. Nikimpa bosi wangu notisi Jumatatu asubuhi kisha kampuni ikasema tarehe 17 haisogei, ningebaki sina huku wala kule. Na nikisubiri hadi Jumanne kutoa notisi, hesabu yote ya siku 28 inasogea, na tarehe 2 Mei inakuwa ya uongo. Ndiyo maana nilihitaji jibu la maandishi kabla ya Jumamosi adhuhuri. Niliandika ujumbe usiku ule, nikaulaza, nikausoma tena baada ya daku, nikautuma Jumamosi saa tatu asubuhi. Nauweka hapa kama ulivyokuwa, nimeondoa jina la kampuni tu.

"Assalaam aleikum, Bi Meneja. Nashukuru kwa barua yenu ya tarehe 31 Machi 2023. Naikubali nafasi ya karani wa nyaraka kwa mshahara na masharti yaliyoandikwa humo.

Nina ombi moja kuhusu tarehe ya kuanza. Barua inasema Jumatatu tarehe 17 Aprili. Mahali nilipo sasa ninadaiwa notisi ya siku 28. Nikiitoa Jumatatu hii tarehe 3 Aprili, itaisha tarehe 1 Mei, ambayo ni sikukuu. Naomba nianze Jumanne tarehe 2 Mei 2023. Mkikubali, naomba mnithibitishie hapa leo, kisha barua irekebishwe iwe na tarehe hiyo. Notisi sitaitoa kabla ya kupata uthibitisho wenu.

Naomba pia kujua siku hiyo niripoti saa ngapi, katika ofisi ya Mbaraki au ile ya mjini, na nimuulizie nani.

Kuhusu hati, naomba orodha ya zote mnazozihitaji siku ya kwanza, na kwa kila moja mniambie kama mnataka hati halisi, nakala, au nakala iliyogongwa muhuri na wakili. Kama kuna hati inayochukua muda kutoka, naomba kujua sasa ili nianze kuifuatilia. Asante."

Nikampigia simu dakika tano baadaye, si kurudia maneno, bali kumwambia ujumbe umefika na nina haja ya jibu kabla hawajafunga. Simu inamfanya mtu asome. Ila kilichokubaliwa kwenye simu nilimwomba akiandike, kwa heshima: "Nisaidie kuniandikia hapo hapo, Bi, nisije nikasahau."

Saa sita kasorobo jibu likaingia. Tarehe 2 Mei imekubaliwa. "Tena umetukumbusha jambo," akaandika. Alikuwa na kijana mwingine ambaye barua yake ilisema aanze tarehe 1 Mei, na hakuna aliyetazama kalenda. Barua yangu mpya ilikuja kwa barua pepe ya kampuni Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, nikaihakiki tarehe, nikaichapisha, na saa tatu nikamkabidhi bosi wangu notisi, nikaandika juu yake tarehe, naye akatia sahihi kwenye nakala yangu kwamba ameipokea.

Saa ya kuripoti ina mtego wake kwa sisi tunaosema saa za Kiswahili. Bi Meneja aliandika, "Uripoti saa 8." Mimi na mama yangu tukitamka saa nane, ni baada ya adhuhuri. Lakini ofisi huandika kwa saa za simu. Nilimjibu, "Nimeelewa, saa mbili asubuhi, yaani 8:00," naye akathibitisha. Tangu siku hiyo saa yoyote ya kazi naiandika mara mbili, kwa neno pamoja na "asubuhi" au "jioni", na kwa tarakimu. Na kwa mtu wa Likoni, saa mbili asubuhi Mbaraki ina maana ya kuwa kivukoni kabla ya saa kumi na mbili na nusu, kwa sababu feri ikichelewa hakuna maelezo utakayotoa siku ya kwanza yakapendeza.

Orodha ya hati ilikuwa hivi. Kitambulisho cha taifa, halisi na nakala. Cheti cha PIN ya KRA, nakala. Namba ya NSSF na ya NHIF. Uthibitisho wa akaunti ya benki, wenye jina, tawi na namba. Vyeti vya shule na chuo, halisi vya kutazamwa na nakala za kubaki. Picha mbili za pasipoti. Jina na simu ya ndugu wa karibu. Cheti cha utumishi kutoka kazi iliyotangulia. Na cheti cha tabia njema cha polisi, kwa kuwa watu wa nyaraka huingia bandarini.

Nilikaa na orodha hiyo nikaigawa kwa muda, wala si kwa umuhimu, na huo ndio mgawanyo ninaoupendekeza kwa yeyote. PIN nilikuwa nayo tangu zamani. Ni kuingia iTax, kupakua cheti, kuchapisha, dakika kumi saiba. Jambo la kuangalia ni herufi. PIN ya mtu binafsi huanza na herufi A, hufuata tarakimu tisa, kisha herufi moja ya mwisho. Mtu akiinakili kwa mkono, sifuri hugeuka O kwa urahisi, na kodi yako inakwenda kusikojulikana. Ndiyo sababu nilitaka kuwapa cheti chenyewe, nisiwaandikie namba kwenye ujumbe. NSSF na NHIF pia zilikuwepo, za 2019. Namba hizo ni za maisha, mtu haombi nyingine anapobadilisha mwajiri, na anayeomba mara ya pili hujikuta michango yake imegawanyika. (Anayeanza kazi leo ajue kwamba NHIF haipo tena. Tangu Oktoba 2024 ni SHA, na huko mtu hujisajili mwenyewe pamoja na wanaomtegemea.)

Cheti cha tabia njema ndicho kilichokuwa na mwendo mrefu. Kinaombwa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, upande wa DCI, idara ya upelelezi. Unajaza, unalipa kwa simu, wakati ule shilingi 1,050, kisha unachapisha risiti ya malipo na fomu ya alama za vidole, C24. Fomu hiyo inatakiwa iwe karatasi moja iliyochapishwa pande zote mbili. Kijana wa saiba alinitolea karatasi mbili, ukurasa mmoja kila moja, nikamwomba arudie. Aliona kama namsumbua. Lakini foleni ya alama za vidole ni ndefu, na kurudishwa kutoka mbele ya dirisha kwa ajili ya karatasi ni siku nyingine imepotea.

Tena mwezi wenyewe ulikuwa umejaa mapengo. Ijumaa Kuu ilikuwa tarehe 7, Jumatatu ya Pasaka tarehe 10, na Idi ilikuwa ikisubiri mwezi uandame, tarehe 21 au 22. Nikihesabu siku za kazi kwenye Aprili ile, zilikuwa chache kuliko zilivyoonekana kwenye kalenda. Jumanne tarehe 4 niliomba ruhusa ya saa mbili, nikaenda kituo cha Huduma pale Posta, barabara ya Digo. Askari mama alinishika mkono, akaniambia, "Legeza vidole mwanangu, niachie mimi nivizungushe." Hapo nilielewa. Ukimsaidia kubonyeza, wino unatapakaa, mistari haisomeki, na maombi hurudishwa baada ya wewe kungoja. Akazungusha kidole kimoja baada ya kingine, kutoka ukucha upande huu hadi ukucha upande ule. Nilitoka na vidole vyeusi na risiti.

Jioni hiyo nilimwandikia Bi Meneja tena. Nilimwambia nimeshatoa alama za vidole tarehe 4 Aprili, nikamtumia picha ya risiti, nikauliza: kama cheti hakijatoka kufikia tarehe 2 Mei, je, naweza kuanza kwa risiti hii, na mtanipa muda gani wa kukileta? Akajibu kesho yake kwamba risiti inatosha kuanzia, na nina siku 30. Swali hilo lilinipa usingizi. Lingekuja siku ya kwanza mlangoni, jibu huenda lingekuwa lile lile, lakini pia lingeweza kuwa "rudi ukipata".

Kuhusu majina sikusubiri waone wenyewe. Baada ya yale ya 2019 nilikwenda kwa wakili, nikaapa hati ya kiapo kwamba Mohamed wa kitambulisho na Mohammed wa cheti cha shule ni mtu mmoja, na kwamba mtu huyo ni baba yangu. Ni karatasi moja yenye muhuri. Huku kwetu tatizo hili limeenea kuliko watu wanavyokiri. Fatma na Fatuma, Saidi na Said, Abdala na Abdallah, mwalimu mkuu aliandika alivyosikia na karani wa vitambulisho akaandika alivyosikia. Nilipotuma orodha ya nilicho nacho, niliongeza sentensi moja: "Jina la baba kwenye cheti cha kidato cha nne lina m mbili, hati ya kiapo nitakuja nayo. Naomba niandikishwe kwa jina la kitambulisho, ndilo lililo benki na KRA." Kabla ya hapo nilikuwa nimezipanga hati zote mezani kwa mstari, kitambulisho, PIN, NSSF, NHIF, benki, nikasoma jina herufi kwa herufi kwa kidole. Kwenye NHIF walikuwa wameacha jina langu la kati. Nilikwenda kurekebisha wiki ile ile, maana bado nilikuwa na wiki tatu mbele yangu.

Hati zenyewe sikuzituma kwa WhatsApp, ila ile risiti. Bi Meneja aliomba nizitangulize ili aanze kufungua faili, nami nikamuuliza kwa upole kama naweza kuzituma kwa barua pepe ya kampuni, ile iliyoleta barua ya kuajiriwa. Hakukasirika. Mombasa wapo matapeli wanaojifanya waajiri wa bandarini. Kwanza wanakuomba picha ya kitambulisho pande zote mbili, kisha ada ya "kufungua faili". Simu moja kwa namba ya ofisi, ile uliyoipata kwenye bango lao au kwa mtu anayefanya kazi pale, huondoa shaka. Mimi nilikuwa nimefika ofisini kwao kwenye usaili, kwa hivyo niliwajua, lakini simu ya mtu huibwa kwenye feri kila siku, na vitambulisho vyangu sitaki vikae ndani yake.

Kwa bosi wa zamani niliomba vitu viwili wiki ya mwisho, nikiwa bado na ufunguo wa duka. Cha kwanza ni cheti cha utumishi. Sheria inamtaka kila mwajiri akitoe, isipokuwa kwa aliyefanya kazi chini ya wiki nne. Hakihitaji sifa. Kinataja jina, kazi, tarehe ya kuanza na ya kuacha. Cha pili ni P9, karatasi inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa, ya miezi minne ya mwaka ule, kwa sababu mwaka uliofuata, kabla ya tarehe 30 Juni, ningejaza ritani yangu ya kodi kwa kujumlisha P9 za waajiri wote wawili. Cheti alinipa siku ya mwisho. P9 aliniahidi, nikaifuata hadi Februari.

Alhamisi tarehe 27 Aprili niliandika ujumbe wa mwisho kabla ya kuanza, mistari mitatu tu. "Bi Meneja, Idi njema ya baadaye. Nathibitisha nitaripoti Jumanne tarehe 2 Mei saa mbili asubuhi, 8:00, ofisi ya Mbaraki, na nitakuulizia wewe. Hati zote ziko tayari isipokuwa cheti cha tabia njema, ambacho eCitizen bado inaonyesha kinashughulikiwa. Nitakuja na risiti." Akajibu kwamba yeye atakuwa likizo siku hiyo, nimuulizie karani wa mapokezi, na kwamba atamwachia maagizo. Bila ujumbe ule ningefika nikitaja jina la mtu ambaye hayupo.

Jumanne nilivuka na feri ya alfajiri. Bahasha ya kaki nilikuwa nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu mvua za masika zilikuwa zimeanza kumwagika, na ndani nilizipanga hati kwa utaratibu wa orodha yake: halisi upande mmoja, nakala upande wa pili, ile hati ya kiapo ikiwa nyuma ya cheti cha shule. Juu kabisa niliweka karatasi yenye orodha, kila hati na alama yake, na mbele ya cheti cha tabia njema nimeandika "risiti, siku 30, imekubaliwa na Bi Meneja tarehe 5 Aprili". Karani wa mapokezi alikuwa dada wa umri wangu. Alitoa moja moja, akalinganisha na orodha yake, akagonga muhuri wa "halisi imeonekana" kwenye nakala. Alipofika kwenye risiti akasita, akanitazama. Nilimfungulia ujumbe kwenye simu, akausoma, akaandika tarehe 1 Juni pembeni ya jina langu.

Kisha akauliza, "Picha ni mbili?" Nikampa nne. Akachukua tatu, moja akasema ni ya kibali cha kuingilia bandarini, ambacho hakikuwa kwenye orodha. Saa tatu na robo nilikuwa nimekaa mezani, nafunguliwa faili la kontena la kwanza.